Shairi la Arobaini

Natumaini kila mmoja amekwisha keti na daftari lake limefunguliwa. Mwalimu wa darasa naye awe karibu na ubao, maana leo kuna mistari ya kuandika.

Somo letu la leo ni kutunga shairi la kusomwa siku ya arobaini. Nyote mnaijua siku hiyo. Mtu akifariki, jamaa hukaa matanga, kisha hutawanyika. Siku ya arobaini hukusanyika tena. Waislamu husoma hitima na kuomba dua. Wakristo wengi nao huwa na sala nyumbani kwa marehemu. Baadaye watu hula pamoja. Katika nyumba nyingi za pwani, kabla ya chakula hutokea mtu mmoja akasimama na karatasi mkononi, akasoma beti chache za kumkumbuka aliyeondoka.

Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Basi haitakuwa ajabu jamaa zako wakikuambia, "Wewe ndiwe msomi wetu, tuandikie." Utaanzaje? Tuchukue mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua.

Tuseme kuna kijana wa Pangani amefiwa na bibi yake. Bibi huyo alikuwa msusi wa mikeka. Kijana amekaa na kalamu, naye anaandika hivi: "Bibi alikuwa mtu mwema sana, alipendwa na watu wote." Maneno hayo ni mazuri, lakini yanaweza kusemwa juu ya bibi wa nyumba ya pili, na wa nyumba ya tatu. Anayesikiliza hamwoni bibi yule. Kwa hiyo kijana ayaache kwanza maneno ya sifa, ajiulize: bibi alikuwa akifanya nini kwa mikono yake?

Hapo anakumbuka. Bibi alikata ukindu, akauanika juani. Aliutia rangi kwa kuuchemsha chunguni. Usiku, watoto wakiwa wamelala, alisuka ukili. Kisha alishona ukili, ukawa mkeka. Mikeka ikauzwa, na fedha zikalipa ada ya shule ya wajukuu. Kijana ayaandike mambo hayo kwa maneno ya kawaida, kila jambo mstari wake. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na shairi lote litatoka katika orodha hiyo.

Hatua ya pili ni mizani. Shairi letu la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane. Mizani ni silabi, yaani sauti moja moja za neno. Hesabuni kwa vidole, mkiacha vidole gumba viwili. Vidole vinavyobaki ni vinane. Kipande kikimaliza vidole vyote vinane, kimetimia. Kikizidi au kikipungua, kina kasoro.

Tujaribu. Kijana ameandika, "Bibi alikata ukindu porini." Hesabuni pamoja nami: bi-bi-a-li-ka-ta-u-ki-ndu-po-ri-ni. Ni mizani kumi na mbili, imezidi minne. Nini kitoke? Tunajua tunasema habari za bibi, na ukindu hukatwa porini. Basi "bibi" na "porini" vitoke. Tukigeuza kidogo yaliyobaki, tunapata: "Ukindu aliukata." U-ki-ndu-a-li-u-ka-ta. Nane kamili.

Angalieni mambo mawili hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. La kwanza, herufi m ikisimama peke yake mbele ya konsonanti, huhesabiwa. Neno "chemka" ni che-m-ka, mizani mitatu. Lakini katika "ukindu", herufi n imeshikana na d, na ndu ni mzani mmoja tu. La pili, irabu mbili zikifuatana, kila moja ina mzani wake. "Arobaini" ni a-ro-ba-i-ni, mitano. Ukiitamka haraka utadhani ni minne, na kipande chako kitaharibika.

Hatua ya tatu ni vina. Vina ni silabi za mwisho wa kila kipande zinazofanana kwa sauti. Kipande cha kwanza kina kina chake cha kati, na kipande cha pili kina kina chake cha mwisho. Kijana wetu anaanza na mstari wa mwisho wa ubeti, ambao ataurudia katika kila ubeti. Mstari huo huitwa kibwagizo. Ameandika: "Siku ya arobaini, bibi tunakukumbuka." Hesabuni wenyewe: nane na nane. Kibwagizo hicho kinaishia na ka, basi amechagua ka iwe kina cha mwisho cha shairi zima. Maneno mengi ya Kiswahili yanaishia na ka: anika, chemka, suka, fika, choka. Ukichagua sauti adimu, utakwama katika ubeti wa pili.

Tazameni tena: mistari mingine inasimulia habari za bibi, lakini kibwagizo kinasema na bibi mwenyewe, "tunakukumbuka". Desturi hiyo ya kumwita marehemu iko katika ushairi wetu. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alimtungia mkewe shairi la maombolezo akimwita kwa jina lake, Amina.

Sasa mwalimu aandike ubaoni beti nne za kijana wetu.

Tumekusanyika ndani, ndugu tumejumuika,
Wa mbali na wa jirani, kila mmoja kafika,
Na walio barazani, dua wameitamka,
Siku ya arobaini, bibi tunakukumbuka.

Ukindu aliukata, juani kauanika,
Na rangi akaipata, chunguni ikachemka,
Ukili kaukamata, usiku akausuka,
Siku ya arobaini, bibi tunakukumbuka.

Mikeka akaiuza, shule akatupeleka,
Wala hakutueleza, vidole vilivyochoka,
Hili leo nikiwaza, machozi yananitoka,
Siku ya arobaini, bibi tunakukumbuka.

Mola tunakulilia, mja wako kaondoka,
Makosa kumfutia, rehema ikamfika,
Nasi tuliobakia, tusije tukagawika,
Siku ya arobaini, bibi tunakukumbuka.

Mizani imetimia na vina vimekaa. Ubeti wa kwanza unakaribisha watu, wa pili na wa tatu inasimulia, na wa nne unaomba dua. Je, shairi limekwisha? Bado. Iko hatua ya nne, nayo ni kumsomea mzee mmoja wa nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Kijana anamsomea shangazi yake. Shangazi anasikiliza, kisha anasema: "Mwanangu, umesema kila mmoja kafika. Baba yako mdogo yuko melini, hata mazishi hakuyawahi. Akija kusikia maneno hayo, ataona tumekwisha mtoa katika hesabu ya watoto wa mama."

Shangazi amesema kweli. Mstari ule una mizani nane barabara, lakini unasema uongo, na uongo wenyewe unamwumiza mtu. Siku ya arobaini watu wana majonzi, na mara nyingi mazungumzo ya mirathi yako karibu. Neno dogo huweza kufungua jeraha. Kijana arudi kwenye vidole vyake. Anatafuta kipande kingine cha mizani nane chenye kuishia na ka, naye anapata: "aliyeweza kafika". A-li-ye-we-za-ka-fi-ka. Nane. Mstari sasa ni huu:

Wa mbali na wa jirani, aliyeweza kafika.

Aliyekuja ametajwa kwa heshima, na asiyeweza kuja hakulaumiwa wala hakusahauliwa. Futeni mstari wa zamani ubaoni, mwandike huu.

Kwa sababu hiyo hiyo, shairi la arobaini lisitaje deni, wala ugomvi, wala nani aliuguza na nani hakuuguza. Deni lina mahali pake pa kusemwa, na warithi watakaa kikao chao. Mkitaja majina ya watoto, tajeni wote, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Kama majina hayaingii katika mizani, semeni "wana" na "wajukuu", yatosha.

Yabaki maneno machache juu ya kusoma. Kwanza, omba ruhusa kwa mkubwa wa familia na kwa yule anayeongoza hitima au sala. Nyumba hazifanani, ziko zinazopenda shairi lisomwe baada ya dua, na ziko zisizopenda lisomwe siku hiyo hata kidogo. Ukikatazwa, usibishane. Weka karatasi yako, utaisoma siku nyingine mkiwa peke yenu.

Ukiruhusiwa, andika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, ili usigeuzegeuze. Soma polepole. Pumzika kidogo penye mkato, na pumzika zaidi mwisho wa mstari. Ukifika kwenye kibwagizo, kisome, kisha watu wakipokee pamoja nawe. Ndiyo faida yake: sauti yako ikikatika kwa machozi, hasa pale penye vidole vilivyochoka, wenzako watakushikia shairi mpaka upate pumzi.

Soma pia kwa sauti ya kutosha kufika ndani. Kama marehemu ni mume, na ni nyumba ya Kiislamu, kumbuka kwamba mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Siku ya arobaini bado yumo chumbani, hajatoka barazani kwa watu. Huenda yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kusikia, naye yuko nyuma ya mlango. Simama karibu na mlango huo.

Beti nne zikisomwa hivyo huchukua kama dakika mbili au tatu. Msizidishe sana. Watoto wana njaa, na wapishi wanangoja kupakua.

Sasa kazi ya wiki hii. Kila mmoja amfikirie jamaa yake mmoja aliyefariki, hata kama ni zamani. Aandike mambo matano aliyoyafanya mtu huyo kwa mikono yake. Katika hayo achague moja, alitie katika mstari mmoja wa mizani nane kwa nane. Mstari mmoja tu. Wiki ijayo mwalimu atawaita ubaoni, na darasa zima litahesabu kwa vidole.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia.