Maumivu ya Mfupa Yanayokuja Usiku

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 15. Kwa miezi minne muundi wa mguu wa kulia ulimuuma, mchana kidogo, usiku hata asilale. Akimeza ibuprofeni, haukupita muda mrefu akapata usingizi. Majirani walisema ni maumivu ya kukua. Lakini hayo kwa kawaida huja miguu yote miwili, wala hayakai mahali pamoja.

Eksirei ilionyesha mfupa umekuwa mnene na mweupe, na katikati yake doa jeusi kama punje ya hindi. Doa hilo ni kiini cha uvimbe uitwao osteoidi osteoma. Si saratani. Kiini hutoa prostaglandini, kemikali ziletazo maumivu. Ibuprofeni huzizuia, ndiyo maana hutuliza. Wakati mwingine eksirei haikionyeshi kiini, na daktari huagiza sitiskani.

Uvimbe huu huweza kwisha wenyewe baada ya miaka. Lakini kumeza dawa kila usiku muda huo wote huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Kwa hiyo kiini huchomwa: mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, daktari akiongozwa na sitiskani hupitisha sindano hadi kwenye kiini, na kukipasha joto la nyuzi 90 kwa dakika kama 6. Maumivu yakirudi, huweza kuchomwa tena. Kiini kikiwa karibu sana na neva, upasuaji huweza kufaa zaidi.

Mzazi, saratani na usaha wa mfupa pia huamsha mtoto usiku. Nafuu ya dawa isikuzuie kwenda kupigwa picha.