Plastiki Katika Mtungi wa Karagita
Mhadhara wa umma

Mgeni akishuka kwenye matatu katika barabara ya Moi South Lake, kilomita chache kutoka mjini Naivasha, atashangazwa na jambo moja kuhusu Karagita. Ziwa liko karibu, maji yake ni baridi, yasiyo ya chumvi kama ya Nakuru au Elementaita. Hata hivyo mfanyakazi wa shamba la maua anayerudi nyumbani jioni hupanga foleni kwenye kioski cha maji, au humsubiri mwenye mkokoteni wa punda, anunue mtungi wa lita 20. Mtungi wenyewe ni wa plastiki, na tangi la kioski ni la plastiki. Mabanda ya maua yanayong'aa upande wa pili wa barabara yameezekwa kwa nailoni, ambayo nayo ni plastiki.

Kwa hiyo habari za chembechembe za plastiki katika maji ya kunywa zinapomfikia mkazi wa Karagita, humkuta amezungukwa. Ana haki ya kuuliza: je, ninakunywa plastiki? Na kama ninakunywa, nihofu kiasi gani?

Swali la kwanza lina jibu, na limepatikana ziwani humohumo. Mwaka 2020 Migwi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chembe za plastiki katika maji ya juu ya Ziwa Naivasha. Walizipata, nyingi zikiwa za polipropilini, polithini na polista: yaani plastiki ya vifuniko na kamba, ya mifuko na nailoni, na ya nyuzi za nguo. Wastani wao ulikuwa takriban chembe 0.4 kwa kila mita moja ya mraba ya uso wa ziwa.

Hesabu hiyo inafaa kuteremshwa hadi kwenye mtungi. Kipimo cha mita za mraba hutokana na kupitisha wavu juu ya maji. Tuchukulie, kwa makadirio tu, kwamba wavu huzama sentimita 20. Mita moja ya mraba itakuwa imechuja lita 200, na ndani yake mna chembe 0.4. Hiyo ni chembe moja kwa kila lita 500, au chembe moja kwa mitungi 25. Familia inayotumia mitungi minne kwa siku ingekutana na chembe moja takriban kila wiki, tena katika maji ghafi ya ziwa ambayo hayajachujwa.

Sasa weka kando ya hesabu hiyo habari iliyotangazwa Januari 2024 kutoka Chuo Kikuu cha Kolumbia, Nyuyoki. Wanasayansi walichunguza maji ya chupa ya kampuni tatu za Marekani, wakapata wastani wa chembe 240,000 katika lita moja tu. Je, maji ya chupa ya Marekani ni machafu kuliko ziwa linalopokea taka za mji wa Naivasha? La. Tofauti iko kwenye chombo cha kupimia. Nyavu za kazi hii kwa kawaida huwa na matundu ya takriban mikromita 300, na mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe iliyo ndogo kuliko tundu hupita bila kuhesabiwa. Watu wa Kolumbia walitumia miale ya leza inayoona vipande vidogo kuliko mikromita moja, na asilimia 90 ya walichokihesabu kilikuwa cha ukubwa huo. Ukiwinda dagaa kwa wavu wa sangara, utarudi ukisema ziwa halina dagaa.

Ndiyo maana takwimu za fani hii hazilinganishiki ovyo. Mwaka 2019 Koelmans na wenzake walipitia tafiti 50 za chembe za plastiki katika maji, wakaangalia kama watafiti walijikinga na vumbi la maabara, kama walipima sampuli tupu ya kulinganishia, na kama walithibitisha kwamba walichokiona ni plastiki kweli. Ni tafiti nne tu zilizotimiza masharti yote. Uzi wa koti la mtafiti unatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Msomaji anayekutana na takwimu ya kutisha basi aulize kwanza: chembe ndogo kabisa waliyoweza kuiona ilikuwa na ukubwa gani?

Kuna pia suala la uzito, ambalo magazeti hulisahau. Mwaka 2019 ulienea usemi kwamba kila mtu humeza gramu 5 za plastiki kwa wiki, sawa na kadi ya benki. Miaka miwili baadaye Mohamed Nor na wenzake walikokotoa upya, wakijumlisha samaki, chumvi, maji na hata hewa. Mtu mzima wa kati alionekana kupata takriban mikrogramu 4 kwa wiki. Kwa mwendo huo, kadi ya benki ingemalizika baada ya miaka zaidi ya 23,000. Hesabu hiyo haikujumuisha vipande vilivyo chini ya mikromita moja, na hapo ndipo wataalamu waliposimama wakikuna vichwa.

Wanakuna vichwa kwa sababu ya mwili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Agosti 2019 ilieleza kwamba chembe kubwa kuliko mikromita 150 zina uwezekano mkubwa wa kupita tumboni na kutoka na choo. Zile ndogo zaidi ndizo zenye maswali. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi waliripoti plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Machi 2024 ukaja utafiti wa Italia uliozua mjadala mkubwa: wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda katika mshipa wa shingo. Katika mafuta ya wagonjwa 150 ilipatikana polithini. Kwa takriban miezi 34 iliyofuata, wale wenye plastiki walikuwa na hatari ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo iliyozidi ya wenzao zaidi ya mara nne.

Utafiti huo si wa kupuuzwa, lakini una mipaka ambayo waandishi wake wenyewe waliikiri. Unaonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, hauonyeshi kwamba moja limeleta lingine. Huenda mishipa iliyochakaa ndiyo inayonasa plastiki kwa urahisi. Wala haukusema plastiki hiyo ilitoka kwenye maji; inaweza kuwa ilitoka kwenye chakula au hewa. Mpaka sasa hakuna ugonjwa hata mmoja wa binadamu uliothibitishwa kuwa umesababishwa na plastiki ya maji ya kunywa.

Turudi Karagita, maana hofu ya nyumbani lazima ipimwe kwa hatari nyingine zilizo kwenye mtungi uleule. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayozidi kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Chukua kisima chenye miligramu 5. Mtoto anayekunywa lita moja kwa siku anapata miligramu 5 za floraidi. Plastiki yote inayokadiriwa kuingia kwa mtu mzima kwa siku haifiki hata mikrogramu moja, yaani iko chini mara maelfu. Vitu viwili hivyo havina sumu ya aina moja, kwa hiyo uzito peke yake hauamui. Lakini madhara ya floraidi hayahitaji leza kuonekana: meno ya kahawia ya watoto waliozaliwa na kukulia huku yanaonekana wakicheka, na ikizidi kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kabla ya floraidi kuna kinyesi, kinacholeta kipindupindu na homa ya matumbo na kinachoweza kumlaza mtu ndani ya siku moja. WHO yenyewe, katika ripoti ile ya 2019, ilizitaka nchi zitangulize vijidudu na kemikali zinazojulikana.

Hapa kuna mtego wa kuchemsha maji. Mwaka 2024 watafiti wa Guangzhou, Uchina, walionyesha kwamba kuchemsha maji magumu na kuyachuja kunaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya chembe za plastiki, kwa sababu chokaa inayoganda huzifunika na kuzama nazo. Habari ikasambaa kama dawa ya ulimwengu. Lakini maji yenye floraidi nyingi kwa kawaida huwa na kalsiamu kidogo, maana kalsiamu ikiwa nyingi hushikana na floraidi na kuiteremsha. Katika maji laini, watafiti walewale walipata takriban asilimia 25 tu. Mkazi wa Karagita achemshe maji kuua vijidudu, hiyo ni sababu tosha. Asitegemee sufuria imwondolee plastiki. Floraidi nayo haiondoki kwa moto, huongezeka kidogo kadiri mvuke unavyotoka.

Floraidi huondolewa kwa mkaa wa mifupa, njia iliyoendelezwa na kitengo cha maji cha Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru tangu miaka ya 1990, au kwa mtambo unaosukuma maji kupitia utando mwembamba. Utando huo mara nyingi ni wa poliamaidi, na poliamaidi ni miongoni mwa plastiki zilizopatikana kwa wingi katika zile chupa za Marekani. Watafiti walishuku kwamba ilitoka kwenye mitambo ya aina hiyohiyo. Je, familia iyakatae maji hayo? Hapana. Kubadilisha floraidi iliyopimwa kwa plastiki ambayo madhara yake hayajathibitika ni biashara nzuri.

Yako mambo ambayo nyumba inaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Plastiki na joto havipatani. Mwaka 2020 watafiti wa Dublini walipima chupa za watoto za polipropilini: maji yalipopanda kutoka nyuzi 25 hadi 95, chembe ziliongezeka kutoka takriban laki sita hadi milioni 55 kwa lita. Basi maji ya maziwa ya mtoto yachemshwe na kupoa kwenye sufuria kabla ya kumiminwa kwenye chupa, na chai inywewe kwa kikombe cha bati au udongo. Mtungi nao, ile desturi ya kutia changarawe na maji ndani na kuutikisa kwa nguvu ili ukungu wa kijani utoke, hukwangua ukuta wake. Kitambaa na sabuni vinatosha pale mkono unapofika, na mtungi uliopauka kwa jua na kuanza kukatika vipande haufai tena kubeba maji ya kunywa.

Kununua maji ya chupa ili kukimbia plastiki ni kupoteza pesa. Katika utafiti wa 2018 wa chupa 259 kutoka nchi tisa, asilimia 93 zilikuwa na chembe, na zaidi ya nusu ya vipande vilivyotambuliwa vilikuwa vya polipropilini, plastiki ileile ya vifuniko.

Kwa hiyo anayesimama kwenye foleni ya kioski Karagita aanze na maswali mawili kwa mwenye kioski, yote yenye majibu ya tarakimu: maji haya yametiwa klorini kiasi gani, na floraidi ya kisima hiki ilipimwa lini, ikawa ngapi? Na wenye kusimamia maji katika kaunti ya Nakuru waombwe kubandika majibu hayo ukutani, kwenye kila kioski.