Umesahau Nywila ya Ruta?

Kwanza tutenganishe mambo mawili: nywila ya waifai ni ya kuunganisha simu, ya usimamizi hufungua mipangilio ya ruta yenyewe. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika.

Pindua ruta usome kibandiko. Kina anwani, mfano 192.168.1.1, pamoja na jina na nywila ya kiwandani. Zikikataa, basi kuna mtu aliyezibadilisha. Muulize fundi aliyekufungia kabla ya kugusa kitundu cha RESET.

Chukua duka la Koboko linalopata intaneti kwa antena ya paani. Mwenye duka akibonyeza kitundu hicho kwa pini sekunde kumi hivi, umeme ukiwa umewaka, ruta hurudi ilivyotoka kiwandani. Nywila ya kibandiko sasa inakubali, lakini jina na nywila za akaunti ya kampuni ya intaneti zimefutika pia. Taa ya waifai inawaka, intaneti hakuna! Basi kabla ya kubonyeza azipate kwa kampuni, aziandike. Ruta ya laini ya simu haisumbui hivyo. Mara nyingi hujipanga yenyewe.

Mipangilio ikishafunguka, badilisha nywila ya kiwandani papo hapo.