Manispaa Mpya: Tuulize Pesa Zitakaa Wapi

(Maelezo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wakazi)



Wengi mmeuliza kama mji wetu ukipewa hadhi ya manispaa maisha yatabadilika, au tutaongezewa ofisi na ada tu. Ni swali la haki. Kulijibu, turudi nyuma kidogo.

Hadi Machi 2013, Kenya ilikuwa na mabaraza ya mitaa 175. Kila moja lilikuwa na madiwani, karani na akaunti yake. Mengi yalikuwa na mapato madogo: mishahara ikishalipwa, hakuna kilichobaki cha kuzoa taka. Ndiyo maana kuyaunganisha katika kaunti 47 kulikuwa na mantiki. Hospitali ya rufaa, mashine za kutengeneza barabara na wahandisi ni gharama ambazo mji mdogo hauwezi kuzibeba peke yake.

Lakini ukubwa nao una bei yake. Chukueni Nakuru. Kaunti ile moja ilirithi Baraza la Manispaa ya Nakuru, lile la Manispaa ya Naivasha, Baraza la Mji wa Molo na Baraza la Kaunti ya Nakuru. Sensa ya 2019 iliikuta na watu 2,162,202. Mwenye kibanda Naivasha ambaye zamani alilalamika kwa diwani na karani mjini mwake, sasa uamuzi wa mtaro wake ulifanywa Nakuru mjini. Baadaye Naivasha ikapata bodi yake ya manispaa, na Nakuru mjini ikawa jiji Desemba 2021. Tuliunganisha, kisha tukaanza kugawa tena. Si kwamba tulikosea mara zote mbili. Kazi zenyewe ndizo hazilingani: hospitali yataka ukubwa, choo cha soko chataka mtu wa karibu.

Sasa, utaratibu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilitaka mji uwe na watu 250,000 ndipo uwe manispaa. Marekebisho ya 2019 yaliteremsha kiwango hadi 50,000, na miji mingi ikaingia. Wakazi wanaweza kuwasilisha ombi. Kamati ya muda ya wataalamu hukagua mji, bunge la kaunti huidhinisha, na gavana hutoa hati. Kisha huundwa bodi na kuajiriwa meneja wa manispaa.

Hapa naomba msikilize vizuri. Bodi hiyo si baraza la zamani. Wanachama wake hawapigiwi kura na wakazi wote kama madiwani walivyopigiwa. Na manispaa haiji na mgao wake kutoka Nairobi. Katiba inataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Ada unayolipa sokoni asubuhi huenda huko, na hurudi mjini tu ikiwa bunge la kaunti limeitengea manispaa fungu katika bajeti.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mji umetengewa shilingi milioni 60 kwa mwaka. Kama ofisi, mishahara na marupurupu vitakula milioni 18, zimebaki 42 za taka, taa na mitaro. Hiyo yavumilika. Lakini mji ukitengewa milioni 20 na ofisi ikabaki ileile ya milioni 18, mtabakiwa na milioni 2. Gharama ya ofisi haipungui sana kwa sababu mji ni mdogo. Hapo ndipo hoja ya ukaribu hushindwa: ofisi iko karibu, ila haina kitu.

Kwa hiyo hati ikitolewa, msitazame utepe ukikatwa. Ulizeni mambo matatu. Kwanza, ni kazi gani zilizohamishwa kwa maandishi kutoka idara za kaunti? Kama idara bado inazoa taka na manispaa imeajiri wazoaji, mnalipia kazi moja mara mbili. Pili, je, manispaa ina fungu lake katika makadirio ya bajeti, na ni kiasi gani cha fungu hilo ni mishahara? Tatu, bodi itakutana na wakazi lini? Sheria inatambua mabaraza ya wakazi, ambapo mna haki ya kuhoji huduma na mipango ya mji.

Bajeti hupitishwa kila mwaka kabla ya Julai. Rasimu ikija katika vikao vya maoni ya umma, fungueni ukurasa wa manispaa kwanza. Msipouona, jueni mmepewa jina tu, na mumwambie mwakilishi wadi wenu siku hiyohiyo.

Sasa tupokee maswali.