Kumkaribisha Mnenaji wa Jubilii



Tulikuwa tumeandika ukurasa mzima wa kumtambulisha mgeni wetu: masomo yake, kwaya alizofunza, hata jibu atakalotupa leo. Alipousoma alituomba tuufute, tuwaachie swali peke yake. Jibu mkilisikia kwetu kwanza, alisema, yeye atabaki kurudia tu. Basi swali ni hili.

Ekegusii ni lugha ya toni. Sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na ikipanda mahali pa kushuka, neno laweza kuwa jingine. Nyimbo zetu nyingi zilikuja na tuni za ng'ambo, zikatiwa maneno yetu baadaye. Hata ubeti wa kwanza ukikubaliana na tuni, ubeti wa pili una maneno mengine, na noti ni zilezile. Ndipo mzee hutuuliza baada ya ibada, "Mmeimba nini?"

Je, neno na noti vikivutana, kwaya ifuate kipi?

Hatuongezi lolote. Mwalimu, karibu.