Hotuba kwa Wasimamizi wa Majengo: Ukoko na Utelezi katika Mnara wa Kupozea Maji



Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya chokaa. Yafikapo mnarani, sehemu yake hugeuka mvuke na kuondoka, lakini chokaa hubaki, ikazidi kila siku, hatimaye ikaganda ndani ya mabomba mfano wa ukoko wa birika.

Chukueni mnara unaopoteza lita 6,000 za mvuke kwa siku. Tukitaka chumvi zisizidi mara 3 ya zile za maji mapya, hatuna budi kumwaga lita 3,000 na kuingiza 9,000. Kipimo cha upitishaji umeme kikisoma 600 katika maji mapya, mnarani kisipite 1,800. Afungaye valvu ili kuokoa maji hayo atayalipa kwa umeme, kwani ukoko huzuia joto kutoka.

Utelezi, hata hivyo, hauondolewi kwa kumwaga maji. Huo ni vijidudu hai, navyo huwahifadhi bakteria wa lejionela, wanaopeperuka na matone ya maji na kuleta homa ya mapafu. Mnara usafishwe, kisha utiwe dawa ya kuua vijidudu. Na valvu ya kumwagia ifungwe kwa muda, dawa isitoke kabla ya kufanya kazi yake.