Chai ya Majani ya Mforsadi na Dawa za Kisukari: Weka Glukosi Karibu

Haya ni maelezo ya mfamasia wa hospitali ya kaunti ndogo kwa wagonjwa wa kisukari, jamaa zao na wahudumu wa afya ya jamii, katika kikao cha kliniki ya kisukari.



Katika miezi ya karibuni wengi wenu mmeniuliza dirishani kuhusu chai ya majani ya mforsadi, ule mti ambao wengi hapa wanauita malberi. Wakulima wanaupanda kwa ajili ya viwavi vya hariri, wengine wanaukata majani wawape mbuzi, na watoto wanaujua kwa matunda yake yanayotia midomo rangi ya zambarau. Sasa majani yake yanauzwa yakiwa makavu kama chai ya kushusha sukari. Swali lenu ni moja: je, inasaidia? Nitalijibu, kisha nitaeleza jambo ambalo muuzaji hakuambii, nalo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Inavyofanya kazi

Unapokula ugali, wali, chapati au viazi, wanga uliomo hauwezi kuingia kwenye damu ukiwa mzima. Lazima ukatwekatwe kwanza hadi uwe glukosi. Kazi ya mwisho ya kukata hufanywa na vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Jani la mforsadi lina kemikali inayofanana kwa umbo na glukosi. Kemikali hiyo huvishika vile vimeng'enya na kuvichelewesha. Chakula ni kilekile, lakini glukosi inaingia kwenye damu polepole, kwa hivyo sukari haipandi ghafla baada ya mlo. Iko dawa ya hospitali inayoitwa akabosi ambayo hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Anayeitumia asiongeze chai hii juu yake.

Kutokana na maelezo hayo mtaona mambo mawili. La kwanza, chai hii hufanya kazi tumboni pamoja na chakula. Ukiinywa saa mbili baada ya kula, umechelewa. Ukila nyama na sukuma wiki bila wanga, haina cha kuchelewesha. La pili, inapunguza tu kile kilele cha sukari baada ya mlo. Haitengenezi insulini, wala haichukui nafasi ya dawa yako. Utafiti mwingi umefanywa kwa dondoo ya majani iliyopimwa kiwango. Kikombe cha nyumbani hakina kipimo hicho, kwa sababu nguvu ya jani hubadilika kulingana na aina ya mti, umri wa jani na msimu.

Namna ya kuitayarisha

Chuma majani machanga ya juu, yale matatu hadi matano ya mwisho wa tawi. Ndiyo yenye kemikali hiyo kwa wingi kuliko majani makubwa ya chini. Usichume kwenye ua uliopuliziwa dawa ya wadudu, wala kando ya barabara yenye vumbi na moshi.

Yaoshe kwa maji safi, yakung'ute, uyakate vipande vyembamba. Yaweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, ukiyageuzageuza kwa dakika chache hadi yanyauke na harufu ya majani mabichi ipungue. Kisha yatandaze kivulini, mahali penye hewa, kwa siku mbili hadi nne. Yamekauka vizuri ikiwa yanavunjika ukiyafikicha mkononi. Yakijikunja bila kuvunjika bado yana maji, na ukiyafungia hivyo yataota ukungu. Yakinuka ukungu, yatupe. Yaliyokauka yahifadhi kwenye mkebe au chupa inayofunga vizuri.

Unapotaka kunywa, tia kijiko kimoja cha chai kilichojaa, kama gramu 2, kwenye kikombe cha maji yaliyochemka. Funika kwa dakika kumi, kisha chuja. Inywe unapoketi kula au pamoja na tonge za kwanza, bila sukari. Anza na kikombe kimoja kwa siku, kwenye mlo wenye wanga mwingi zaidi. Ukisikia tumbo limejaa gesi au ukaharisha, sababu ni kwamba wanga ambao haukukatwa juu umefika utumbo mpana, na bakteria wa huko wanauchachusha. Punguza kiasi, na hali ikiendelea, acha.

Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, nawaomba msiitumie, kwa kuwa usalama wake kwenu haujathibitishwa.

Hatari iko wapi

Chai hii peke yake si rahisi ishushe sukari chini ya kiwango cha kawaida. Hatari inakuja inapokutana na dawa zinazoshusha sukari hata kama hujala. Hizo ni insulini na vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, hasa glibenklamaidi na gliklazaidi. Anayetumia metfomini pekee hatari yake ni ndogo. Tazameni pakiti zenu. Kama hujui kidonge chako ni kipi, kilete dirishani tukusomee.

Kipimo cha dawa yako kiliwekwa kulingana na chakula unachokula na kasi ambayo chakula hicho kinaingia kwenye damu. Ukichelewesha chakula kwa chai na dawa ikaendelea na kasi yake ileile, dawa inaweza kutangulia. Ukipunguza chakula pia, pengo linakuwa kubwa zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo ana hatari zaidi, maana glibenklamaidi hukaa mwilini mwake muda mrefu.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58 anameza glibenklamaidi na metfomini asubuhi. Saa mbili baada ya mlo sukari yake huwa 12. Anaanza chai ya mforsadi, na baada ya wiki moja anasoma 9.5. Anafurahi. Kwa kuwa imemsaidia, anaongeza vikombe viwili na kupunguza ugali, lakini vidonge ni vilevile na kliniki haijui. Siku moja yuko shambani. Saa sita anakula nusu ya kiazi kitamu, anakunywa kikombe cha chai yake, anaendelea kulima. Saa nane mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mashine inaonyesha 3.1.

Binti yake anafanya tulichowafundisha siku zote: anakoroga sukari kwenye maji na kumpa mama anywe. Dakika kumi na tano baadaye mashine inasoma 3.2. Hapo ndipo watu hushtuka na kudhani mashine imeharibika.

Mashine ni nzima. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na lazima zitenganishwe na vimeng'enya vilevile ambavyo chai imevishika. Soda iliyotiwa sukari, mkate na biskuti zinakwama mlango huohuo. Glukosi yenyewe haihitaji kukatwa. Inapita moja kwa moja. Binti anakimbia dukani, anarudi na pakiti ya unga wa glukosi, anakoroga vijiko vitatu vidogo kwenye nusu glasi ya maji. Dakika kumi na tano baadaye, 4.6. Mama anaanza kuongea vizuri.

Cha kufanya sukari ikishuka

Kwa hiyo, anayekunywa chai hii na anatumia insulini, glibenklamaidi au gliklazaidi, awe na unga wa glukosi nyumbani, mfukoni na shambani. Soma pakiti uhakikishe ni glukosi, wala si kinywaji cha unga kilichotiwa sukari.

Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuumwa kichwa, hasira isiyo na sababu au kuchanganyikiwa. Kama mashine iko, pima. Chini ya 4 ni sukari ya chini. Kama haiko, usingoje. Koroga gramu 15 za glukosi, yaani vijiko vitatu vidogo, unywe. Pima tena baada ya dakika kumi na tano. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula chakula, na mlo huo usiwe na chai ya mforsadi.

Kama glukosi haipo, asali inafaa zaidi kuliko sukari, kwa sababu sehemu kubwa ya glukosi yake tayari imeachana na fruktosi. Kama iliyopo ni sukari au soda pekee, mpe hiyo. Msaada unaochelewa ni bora kuliko kukaa bila msaada, lakini mwingine aende kutafuta glukosi huku nyinyi mkielekea hospitali.

Aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mpelekeni hospitali mara moja, ambako atapewa glukosi kwa mshipa. Waambieni wahudumu kuhusu vidonge na kuhusu chai. Na hata aliyezinduka nyumbani, kama anatumia glibenklamaidi au gliklazaidi, aletwe akaguliwe siku hiyohiyo. Dawa hizo hudumu saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena usiku amelala.

Ukitaka kuijaribu

Njoo kwanza kliniki na pakiti zako za dawa. Tukikubaliana, kwa siku tatu pima kabla ya mlo na saa mbili baada yake bila chai, uandike. Siku tatu zinazofuata, kula mlo uleule kwa kiasi kilekile pamoja na kikombe kimoja, upime vivyo hivyo. Tofauti utaiona mwenyewe kwenye daftari. Kama haipo, majani yako hayana nguvu ya kukusaidia, na huna haja ya kuendelea kuyanunua. Kama ipo, tuletee daftari hilo. Kupunguza kidonge au sindano ni uamuzi wa kliniki. Usiupunguze mwenyewe, wala usiache.

Nasi mara nyingi hatuulizi kuhusu majani, na wagonjwa hawasemi kwa kuogopa kukemewa. Hapa hakuna atakayekukemea. Yule mama wa mfano wetu angetaja kikombe chake siku ya kwanza, tungemwambia anunue glukosi siku hiyohiyo, na vidonge vyake tungevitazama upya kabla hajapunguza ugali.

Mwenye pakiti asiyoielewa aje sasa tuisome pamoja.